Kwa nini simu ukiifunga kwenye foili haipatikani?

Funga simu yako yote kwenye foili ya jikoni, kisha ipigie kwa simu nyingine. Mara nyingi utaambiwa haipatikani. Foili yenyewe ni nyembamba kuliko unywele, sasa inazuiaje mtandao?

Wimbi la redio likigonga metali, elektroni zake zinaanza kusukumwa huku na huko. Mkondo huo wa umeme unatengeneza wimbi lingine linalopingana na lile la kwanza. Sehemu kubwa inarudishwa nyuma, na kidogo kinachoingia kinafifia haraka. Umbali ambao wimbi linashuka hadi asilimia 37 ya ukubwa wake ndio unaitwa kina cha ngozi.

Kwa alumini na mawimbi ya simu ya megahezi 900, kina hicho ni kama mikromita 2.7. Foili ya mikromita 16 ina vina kama sita. Kwa kuwa kila kina kinapunguza kilichobaki, upande wa pili inatokea kama 1/400 tu ya kile kilichoingia.

Masafa yakishuka, kina kinaongezeka. Kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 kinafika milimita 12 hivi, kwa hiyo usumaku wake unapita kwenye foili kirahisi.

Simu bado inaita? Angalia mikunjo. Kuna upenyo mahali, na wimbi limepita hapo. Usiisahau humo pia: itaendelea kutafuta mtandao hadi chaji iishe.