Mill na mchezo ambao hakuucheza

Jeremy Bentham alishasema kwamba raha zikilingana kwa kiasi, mchezo wa kitoto wa kusukuma pini una thamani ileile ya muziki na ushairi. Mwaka 1861 mfuasi wake, John Stuart Mill, akamkatalia: heri Sokrate asiyeridhika kuliko mjinga aliyeridhika. Ushahidi? Waulizwe waliozionja raha zote mbili, maana mjinga anajua upande wake tu.

Sawa, lakini hebu tumtazame hakimu mwenyewe. Baba yake alimfundisha nyumbani, Kigiriki akiwa na miaka 3, Kilatini akiwa na 8. Likizo hakuna. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza: mageuzi yote ninayoyapigania yakitimia leo, nitafurahi? Moyo ukamjibu hapana, naye akazama katika huzuni ya miezi. Alianza kuinuka siku aliyolia akisoma kumbukumbu za Mfaransa Marmontel, pale kijana anapofiwa na baba. Mwaka 1828 mashairi ya Wordsworth yakamponya zaidi.

Kwa hiyo ushairi ulimwokoa kweli, hilo simbishii. Ila zile pini alizionja lini?

Tena, ukimuuliza mbona wapo wasomi wanaozijua raha zote mbili na bado wanachagua starehe za chini, anajibu kwamba uwezo wao wa juu umeshakufa kwa kukosa matunzo. Yaani anayepiga kura tofauti anafutwa kwenye daftari la wapiga kura.