Nafasi ya Mtafiti, si Msimamo Wake

Katika sura ya mbinu za utafiti, siku hizi mtafiti hutakiwa aeleze yeye ni nani kwa wale anaowachunguza. Wapo wanaoziita aya hizo tamko la msimamo wa mtafiti. Neno hilo linapotosha, hasa mtafiti anapochunguza waumini wenzake. Msimamo ni jambo unaloliamini na kulitetea. Mlokole akiulizwa msimamo wake, atatoa ushuhuda wa kuokoka kwake.

Istilahi inayofaa ni tamko la nafasi ya mtafiti. Mwaka 1988 mwanazuoni Donna Haraway alieleza kwamba ujuzi wote hutokana na kutazama kutoka mahali fulani. Nafasi ni mahali hapo, nayo kwa Kiswahili ni fursa pia. Mwenyeji hupata fursa ya kuingia palipofungwa kwa mgeni, na papo hapo hukosa fursa ambayo mgeni angeipata.

Tuseme binti wa mwinjilisti wa Kilutheri anachunguza ushirika wa walokole mkoani Kagera, matunda ya uamsho uliochipuka Rwanda na Uganda miaka ya 1930. Kwanza anaandika: “Mimi ni Mlutheri, mwanamke, nimeokoka.” Hayo ni maelezo ya kitambulisho. Msomaji bado hajui yamebadili nini katika data.

Anasoma upya mahojiano yake na kukuta wazee wamerudia-rudia “wewe si unajua, mwanangu,” naye akapita bila kuuliza zaidi. Hapo ndipo nafasi yake ilipoficha jambo: alichodhani anakijua hakikusemwa, kwa hiyo hakimo kwenye data. Anagundua pia kwamba hakuna aliyemlalamikia juu ya uongozi, maana nani amseme mwinjilisti mbele ya bintiye?

Sasa anaandika: “Wazee walinipokea kama mtoto wa mwinjilisti. Hilo lilinifungulia milango ya ushirika, lakini likawanyamazisha kuhusu uongozi. Nilirudi kwa wazee 5 nikawaomba wanieleze kama mtu asiyejua, na maswali ya uongozi yakaulizwa na msaidizi asiye wa usharika wetu. Toba nilizozisikia ushirikani sikuzitumia, isipokuwa mhusika aliporidhia baadaye, tukiwa nje ya ibada.” Kila sentensi imefunga nafasi na tokeo lake, au na hatua aliyoichukua.

Sharti la mwisho ni la kuwalinda wengine. Katika usharika mdogo, kumtaja baba kwa cheo chake kunatosha kuutambulisha usharika wenyewe, na pamoja nao wazee waliohojiwa. Basi katika nakala ya kuchapishwa anaandika “mtoto wa kiongozi,” na jina la usharika analiacha. Wala tamko halifuti upendeleo wake. Malalamiko yasiyosemwa mbele yake hayatazuka kwa sababu amekiri. Linamwonyesha msomaji tu mahali pa kutilia shaka.