Jinsi ya kuunganisha picha za hati kuwa faili moja ya PDF yenye kurasa za A4

Tangu Machi 11, 2024, Idara ya Mahakama nchini Kenya ilipoeneza mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki hadi vituo vyote vya mahakama, karatasi za kesi hupelekwa zikiwa faili za PDF. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, karatasi hizo mara nyingi huanza safari yake zikiwa picha za simu, kwani mwenye kesi aliye Liboi au Hulugho huwa na simu mkononi ilhali mashine ya kunakili iko mbali naye.

Kesi za vitambulisho ni mfano unaofaa. Wapo Wakenya ambao familia zao ziliwaandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, ili wapate chakula na huduma. Walipofikia umri wa kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zilipatikana katika rejista ya wakimbizi na wakanyimwa kadi hiyo. Mtu wa aina hiyo hulazimika kuonyesha cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, vyeti vya shule na barua ya chifu. Nambari moja ya cheti ikikatwa ukingoni mwa ukurasa, hati hiyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Kwa nini pambizo

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa, hivyo picha inayojaza ukurasa wote hupoteza milimita kadhaa kila upande. Aidha, kanuni za viapo nchini Kenya zinataka kila kiambatisho cha hati ya kiapo kitiwe muhuri wa kamishna wa viapo na herufi ya kukitambulisha. Kiambatisho huchapishwa kwanza, hupigwa muhuri, kisha hunakiliwa upya kabla ya kuwasilishwa. Muhuri ukikosa nafasi tupu hupigwa juu ya maandishi yenyewe.

Pambizo ya milimita 20 kila upande huacha fremu ya milimita 170 kwa 257. Kanuni ya kuifuata ni moja: picha nzima iingie ndani ya fremu hiyo bila kukatwa na bila kuvutwa. Picha ya simu yenye pikseli 3000 kwa 4000, ikipewa upana wa milimita 170, huwa na urefu wa takriban milimita 227. Hubaki milimita 30 za ziada, zinazogawanywa juu na chini, hata pambizo ya chini ikafika milimita 35.

Picha iliyopigwa kwa kulaza simu huleta tatizo lake. Ikiwekwa kwenye ukurasa uliosimama, cheti hupata urefu wa milimita 127 tu. Ukurasa nao ukilazwa, picha hiyo hiyo hupata milimita 227 kwa 170, na herufi zake huwa kubwa kwa thuluthi moja zaidi.

Kutayarisha picha

Picha zinazopelekwa kwa wakili kupitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora wake. Ni vyema zitumwe kama hati, kwa kuchagua Document badala ya picha. Kisha kila faili ipewe jina linaloanza kwa tarakimu mbili: 01, 02, 03 hadi 14. Majina 1, 2 na 10 yakitumika, programu nyingi huweka 10 kabla ya 2, na barua ya chifu hujikuta katikati ya vyeti vya shule.

Kwenye kompyuta ya Windows

Kompyuta nyingi za saiba hutumia Windows 10 au 11, ambazo zina printa ya kubuni iitwayo Microsoft Print to PDF. Picha zote huchaguliwa, kitufe cha kulia cha kipanya hubofywa juu ya picha ya kwanza, kisha Print. Katika Windows 11 huenda amri hiyo ikawa ndani ya Show more options. Ukubwa wa karatasi uwe A4, kwa kuwa mara nyingine mashine huanza na Letter, karatasi ya Kimarekani iliyo fupi kwa takriban milimita 18. Mpangilio uwe Full page photo.

Hatari kubwa imo katika kisanduku kidogo kilicho chini, Fit picture to frame. Ingawa jina lake laashiria kutoshea, kikiwa na alama ya vema picha hukuzwa hadi ijaze fremu yote na kingo zake hukatwa. Alama hiyo iondolewe. Hata hivyo, njia hii haimruhusu mtumiaji kuchagua kipimo cha pambizo.

Njia yenye vipimo kamili

Mwenye Linux aweza kutumia programu mbili za bure, ImageMagick na img2pdf. Chukua mfano wa mwombaji mwenye picha 14, kila moja ikiwa na megabaiti 3. Programu ya img2pdf huziweka picha kama zilivyo bila kupunguza ubora, kwa hiyo PDF yake ingefikia megabaiti 42, mzigo mzito kwa mtandao wa simu. Kwa sababu hiyo picha hupunguzwa kwanza:

```
mkdir ndogo
magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1800x1800>" -quality 80 *.jpg
```

Amri hiyo huhifadhi nakala ndogo katika folda mpya na kuziacha picha asilia salama. Picha ya pikseli 3000 kwa 4000 huwa 1350 kwa 1800. Ikichapwa kwa upana wa milimita 170, hutoa takriban nukta 200 kwa kila inchi, kiasi kinachotosha kusoma maandishi ya kawaida ya cheti. Kisha huunganishwa:

```
img2pdf --pagesize A4 --border 2cm --fit into --auto-orient -o viambatisho.pdf ndogo/*.jpg
```

Hapa `--border` ndiyo pambizo, `--fit into` huiingiza picha nzima ndani ya fremu, na `--auto-orient` huulaza ukurasa pale picha inapolala.

Kukagua kabla ya kutuma

PDF ifunguliwe na kurasa zihesabiwe: picha 14 ni kurasa 14. Sifa za faili zionyeshe milimita 210 kwa 297. Katika kila ukurasa pembe zote nne za hati zionekane, na nambari ndogo kuliko zote isomeke bila kukisia. Ikiwa haisomeki hata katika picha asilia, hakuna mpangilio wa ukurasa utakaoirejesha. Hati ipigwe picha upya, mchana, kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi.

Tovuti zinazounganisha picha bila malipo zafaa kuepukwa kwa hati za namna hii, kwa kuwa hutaka vyeti na vitambulisho vipakiwe kwenye kompyuta za watu wengine. Vivyo hivyo, kazi ikimalizika saiba, picha na PDF zifutwe katika folda ya Downloads na pia katika Recycle Bin kabla ya mwenye hati kuondoka.