Kipimo cha ugali, wali na chapati katika kupunguza mafuta ya mwili

Kupunguza kipimo cha vyakula vikuu ni njia ya kushusha nishati anayokula mtu kwa siku hadi iwe chini kidogo ya ile mwili wake unayoitumia, ili pengo lililobaki lijazwe na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki sehemu kubwa ya nishati ya siku hutoka kwenye ugali, wali na chapati, kwa hiyo hapo ndipo penye nafasi ya kupunguza bila kugusa maharage, samaki wala mboga za majani. Tatizo ni kwamba vyakula hivi hupimwa vibaya. Watu huhesabu sahani, miiko au idadi ya chapati, ilhali kinachobeba kalori ni unga, mchele na mafuta vilivyotumika jikoni. Makala hii inashikilia kwamba kipimo cha kuaminika huchukuliwa kabla maji hayajaingia, na kwamba mafuta yana hesabu yake peke yake.

Unga wa mahindi, mchele na unga wa ngano vikiwa vikavu vinakaribiana mno: kila gramu 100 zina kalori 360 hivi. Tofauti tunayoiona mezani huletwa zaidi na maji. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa bila mafuta zina kalori zipatazo 130, kwa kuwa mchele umefyonza maji na kuongezeka uzito karibu mara tatu. Ugali hubadilika zaidi, maana mpishi mmoja huusonga mgumu na mwingine laini. Bonge la gramu 300 la mpishi wa kwanza laweza kuwa na unga mwingi kuliko bonge kama hilo la mpishi wa pili, na macho hayawezi kubaini. Njia ya kukwepa mtego huu ni kupima chungu kizima. Tuseme familia imesonga kilo moja ya unga na ugali wote, ukishatolewa uzito wa sufuria, ni kilo 2.7. Kalori 3,600 zilizokuwa kwenye unga zimo zote ndani ya gramu 2,700, kwa hiyo anayetaka unga wa gramu 100 akate ugali wa gramu 270. Siku nyingine ugali ukitoka laini na kufika kilo 3, atakata gramu 300 na kalori zitabaki 360 zilezile.

Chapati haifuati kanuni hii, maana humo mafuta hushindana na unga. Gramu moja ya mafuta ya kupikia ina kalori 9, na kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Kilo moja ya unga wa ngano ikitoa chapati 16, kila moja ina unga wa gramu 62 na kalori 225 kabla ya kuguswa na mafuta. Mpishi akitumia mililita 240 za mafuta katika kukanda, kukunja na kukaanga, kila chapati inaongezewa kijiko kizima na kufika kalori 350 au karibu na hapo. Anayetaka kujua chapati za nyumbani kwake zimebeba nini apime mafuta kwenye kikombe kabla ya kuanza, arudishe yaliyobaki baada ya chapati ya mwisho, kisha agawanye yaliyotumika kwa idadi ya chapati. Wali wa nazi na pilau navyo vinadai hesabu ya namna hiyo, kwa sababu tui zito na mafuta havionekani kwenye uzito wa mchele.

Chukua mtu mzima ambaye uzito wake haujabadilika kwa miezi kadhaa akila kalori 2,400 hivi kwa siku, na ambaye lengo lake ni 1,900. Asubuhi anakula chapati mbili, kalori 700. Mchana anakula wali wa mchele wa gramu 100 uliotiwa gramu 10 za mafuta, kalori 450. Usiku anakula ugali wa unga wa gramu 150, kalori 540. Hizo ni 1,690. Zilizobaki, 710, zinatoka kwenye chai ya maziwa na sukari, maharage, mchicha na kitoweo. Akibakiza chapati moja asubuhi anaondoa 350. Akishusha unga wa ugali hadi gramu 110 anaondoa 144 nyingine. Jumla ni 494, na wali wake wa mchana haujaguswa. Kwa chungu kile cha kilo 2.7, ugali wake unashuka kutoka gramu 405 hadi 300 hivi, kiasi ambacho aliyezoea bonge kubwa atakiona, lakini bado ni mlo.

Wapo watakaosema ni rahisi zaidi kuacha wanga kabisa, na mizani ya wiki ya kwanza huonekana kuwaunga mkono. Lakini wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji yake, takriban gramu tatu kwa kila gramu, na akiba hiyo ikipungua maji huondoka nayo. Uzito unashuka haraka bila mafuta mengi kuyeyuka. Utafiti wa DIETFITS wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu wazima 609 kwa miezi 12. Kundi la mafuta kidogo lilipungua wastani wa kilo 5.3 na kundi la wanga kidogo kilo 6.0, tofauti ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa ya maana. Wengine husema tatizo ni sembe, dona haina neno. Dona ina nyuzinyuzi nyingi zaidi na virutubisho ambavyo kukoboa huviondoa, na wapo wanaoshiba nayo mapema, lakini kwa kalori zinakaribiana. Anayekula dona bila kipimo hatapungua kwa sababu ya rangi ya unga.

Pingamizi zito zaidi ni njaa na sinia la pamoja. Kwa njaa, nafasi iliyoachwa na ugali ijazwe na mchicha, sukuma wiki au kabichi iliyopikwa kwa mafuta yaliyopimwa, na maharage yasipunguzwe, maana protini na nyuzinyuzi zake huchelewesha njaa. Kwa sinia, dawa ni mhusika kupakua sehemu yake kwenye sahani kabla wengine hawajaanza. Matonge ya mkono hayahesabiki. Asiye na mizani apime unga kwa kikombe kilekile kila siku, na ajue pakiti ya kilo moja hujaza vikombe vingapi vya namna hiyo.

Uzito wa siku moja hupandishwa na kushushwa na chumvi, hedhi na choo, kwa hiyo kinacholinganishwa ni wastani wa wiki na wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700, hivyo upungufu wa 500 kwa siku huweza kuondoa karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Wastani ukikaa palepale kwa wiki nne, mahali pa kwanza pa kukagua ni chupa ya mafuta na kopo la sukari, kabla ya kukata ugali tena. Wajawazito na wanaonyonyesha hawapaswi kutumia hesabu hii, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asipunguze wanga kabla daktari hajarekebisha dozi, kwa kuwa dozi ya zamani juu ya ugali mdogo yaweza kumwangusha. Kwa wengine, mwili uliopungua hutumia nishati kidogo zaidi, na baada ya kilo kadhaa kuondoka unga wa gramu 110 uliokuwa ukimpunguza mtu unaweza kuwa ndio unaomtuliza alipo.