Mwaka ambao jaji angeweza kufutwa kazi
Kila mjadala hapa Nakuru husikosi mtu akisema, "Korti zinaizuia serikali kufanya kazi!" Ngoja niwarudishe 1988. Bunge la chama kimoja, lililochaguliwa kwa mlolongo, lilibadilisha Katiba: Rais akapata nguvu ya kumfuta jaji, na polisi wakaruhusiwa kumzuia mshukiwa wa kosa la kunyongwa siku 14 badala ya saa 24.

Sasa ziunganishe. Umeshikwa, na jaji wa kukusikiliza anajua akikuachilia huenda akapoteza kazi. Utamlilia nani?

Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990. Chini ya Katiba ya 2010, kumtoa jaji huanzia Tume ya Huduma za Mahakama, kisha jopo maalum. Lakini bajeti ya mahakama bado hupitishwa na Bunge. Mimi huangalia hapo.