Umebeba Nduthi Yako ya Kwanza? Slaidi 6 za Kucheki Kabla Hujapiga Kiki

Kama umetoka kuchukua nduthi juzi na bado unalipa mkopo kila jioni, hizi slaidi ni zako. Injini ikichapa, mwenye mkopo hatakuuliza kama leo umeenda wera. Atataka ganji yake tu.

Tunaongelea nduthi ya mtaa ile ya kawaida: saizi ya 150, cheni, kabureta na breki ya ngoma nyuma. Boxer, TVS HLX na wenzao. Kitabu kilichokuja na nduthi kikisema tofauti na hapa, fuata kitabu. Na usiruke mpangilio, ju taya na oili unazicheki kabla ya kutoka, na breki ya nyuma lazima ije baada ya cheni. Sababu utaiona mbele.

SLAIDI 1: TAYA, ZIKIWA BARIDI

Pima presha asubuhi kabla ya kutoka. Ukishapiga kilomita kadhaa, hewa ndani inapata joto na presha inapanda. Ukipimia hapo petroli steshen baada ya mwendo, geji itakuambia uko fiti na kumbe uko chini.

Kwa nduthi za aina hii, namba huwa karibu na 25 PSI mbele, na nyuma 28 ukiwa solo ama 32 ukibeba mtu. Taya ya nyuma ikiwa laini na umebeba mteja, nduthi inaanza kuyumba kwa kona kama imelewa, na chubu inasuguana ndani mpaka inapasuka.

Kisha cheki kivalvu cha chubu. Kinafaa kusimama wima. Kikilala upande, taya imeteleza kwa rimu na inavuta chubu nayo. Siku moja kivalvu kitakatika na upepo wote utatoka mara moja. Ukishuku kinavuja, weka mate kidogo juu yake. Povu likitokea, umepata jibu.

Maliza na spoki. Zigonge moja moja na spana ndogo. Iliyokazwa inalia "ting", iliyolegea inatoa sauti butu. Moja ikilegea, zilizo kando yake zinabeba mzigo wake, na rimu huanza kupinda hivyo. Kukaza spoki mpelekee fundi, lakini kujua ni gani imelegea ni kazi yako.

SLAIDI 2: OILI

Simamisha nduthi kwa stendi ya katikati, mahali pako sawa. Ukicheki ikiwa imelalia stendi ya pembeni, oili yote inaenda upande mmoja na unasoma uongo. Kama injini ilikuwa inanguruma, zima na ungoje dakika chache oili ishuke.

Kuna nduthi ziko na kidirisha cha kioo pale chini ya injini, na kuna zenye kijiti. Kwa kidirisha, oili ikae kati ya alama mbili. Kwa kijiti, kitoe, kipanguse, kirudishe, kisha usome. Nduthi nyingi zinataka kijiti kikalishwe tu bila kuzungushwa, lakini hapa kitabu ndicho mkubwa.

Sasa angalia rangi. Oili nyeusi peke yake si ngori, inafanya kazi yake ya kubeba uchafu. Ngori ni ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa. Hiyo ni maji yameingia, na huwa hivyo sana baada ya kupitisha nduthi kwa mafuriko. Usiwashe. Mwaga, weka mpya. Na kama kila wiki unaongeza oili na hakuna tone chini, cheki moshi wa egzosi. Ukiwa wa bluu, injini inachoma oili, na hapo ni fundi.

Kitu kimoja wasee wengi hawaambiwi: kwa hizi nduthi, oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inaogesha klachi. Oili za gari zingine ziko na dawa ya kuteleza, na klachi ikiipata inaanza kuteleza pia. Injini inalia, nduthi haiendi. Kwa chupa tafuta maandishi JASO MA ama JASO MA2. Hiyo ndiyo ya pikipiki yenye klachi ya kuloa.

Na kama nduthi ni mpya kabisa, oili ya kwanza inatoka mapema, mara nyingi kilomita 500 hadi 750. Vyuma vipya vinasagana na vumbi lake liko ndani ya hiyo oili. Baada ya hapo hesabu kilomita, si wiki. Tuseme kitabu kinasema 2,500. Ukipiga kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni wiki nne na siku moja. Msee wa kwenda kazini na kurudi kilomita 20 anaweza kukaa miezi kadhaa. Msiige kalenda ya mwenzenu.

SLAIDI 3: CHENI

Hapa ndipo pesa ya wengi inapotelea. Injini izimwe, gia iwe nyutro, stendi ya katikati. Usiwahi kucheki cheni injini ikiwa inazunguka. Sproketi haijui tofauti ya kidole na cheni.

Kama cheni imefunikwa, kava nyingi ziko na kizibo cha raba unachotoa ili uione. Weka rula katikati ya ile sehemu ya chini, sukuma cheni juu, kisha ivute chini. Tofauti ya hizo sehemu mbili ndiyo ulegevu. Unataka sentimita 2 hadi 3. Sasa zungusha gurudumu kidogo na upime tena, mpaka limalize mzunguko.

Chukua huu mfano. Mahali pa kwanza unapata sentimita 4. Unazungusha, unapata 4 tena. Unazungusha, unapata 2 na nusu. Kosa la fundi wa haraka ni kukaza akiwa kwa ile 4 mpaka ifike 2 na nusu. Sasa ile sehemu iliyokuwa 2 na nusu imebaki na sentimita moja. Ukibeba mteja, spring za nyuma zinabonyea, gurudumu linapanda na cheni inakazika zaidi yenyewe. Inavuta beringi za gia mpaka zinaanza kulia, ama inakatika ukiwa Thika Road na kujisokota kwa gurudumu.

Kwa hivyo unapima kwa ile sehemu iliyokaza zaidi. Hapa iko 2 na nusu, so cheni haihitaji kukazwa. Shida yake ni kwamba imevutika bila usawa. Anza kuweka pesa ya cheni mpya.

Kujua kama imeisha kabisa, ishike pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa na uivute kuelekea nyuma. Ikiachana na sproketi ukaona nusu ya jino, imeisha. Meno yakiwa yamelala upande kama pembe, sproketi nayo imeisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja, ju cheni mpya kwa meno ya zamani inaharibika haraka.

Kama inahitaji kukazwa, legeza nati ya ekseli ya nyuma, kisha zungusha skrubu za kukazia kushoto na kulia kwa kiasi sawa, robo mzunguko kila moja. Kuna alama zimechorwa pande zote mbili. Zisipolingana, gurudumu limekaa mshazari na taya italika upande mmoja. Kaza nati, rudisha pini yake, pima tena. Cheni ikiwa na kilipu, mdomo ulio wazi uangalie kinyume na upande cheni inaelekea, ndiyo isichomolewe na kitu njiani.

Paka oili jioni cheni ikiwa bado na joto, upande wa ndani. Ikiwa na matope, isafishe kwanza na mafuta ya taa na brashi.

SLAIDI 4: BREKI

Umekaza cheni? Basi umesukuma gurudumu nyuma, na ile fimbo ya breki imevutika nalo. Breki ya nyuma sasa imekaza bila wewe kuigusa. Wasee wengi wanatoka gereji hivyo, ngoma inasuguana njia yote, inachemka, na wanashangaa mbona nduthi imekuwa nzito na inakunywa mafuta.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Linafaa kuzunguka huru. Likigoma, legeza ile nati iliyo mwisho wa fimbo. Kisha kanyaga pedeli: ishuke sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijaanza kushika.

Cheki pia kishale kidogo pale mkono wa breki unaingia kwa ngoma, kama nduthi yako inacho. Kanyaga breki ukikiangalia. Kikipita alama ya mwisho, breki shuu zimeisha. Kuendelea kukaza nati hapo ni kujidanganya. Mbele, leva isifike kwa hendo hata ukiifinya kwa nguvu zote. Ukimaliza, jaribu breki zote mbili kwa mwendo wa mtu anayetembea, kabla ya kuingia barabarani.

SLAIDI 5: KEBO

Leva ya klachi iwe na nafasi kidogo, milimita 2 hadi 3, kabla haijaanza kuvuta. Bila hiyo nafasi klachi haifungi vizuri na inaungua polepole. Angalia mwisho wa kebo pia. Uzi mmoja ukiwa umekatika, nunua kebo leo, usingoje ikuache kwa taa za barabarani.

Kwa aksileta, zungusha na uachilie. Irudi yenyewe, ikigonga mwisho. Kisha washa nduthi ikiwa nyutro, ipige kimyakimya, na ugeuze hendo kushoto kabisa halafu kulia kabisa. Sauti ikipanda bila wewe kugusa aksileta, kebo imepita mahali vibaya na inavutwa. Hiyo ndiyo inafanya nduthi iruke mbele ukikata kona. Usitoke nayo.

SLAIDI 6: TAA

Hii ni ya dakika moja. Taa ya mbele, indiketa nne, honi. Ya breki icheki mara mbili, mara moja na leva ya mkono na mara moja na pedeli, ju kila moja iko na swichi yake. Ukiwa peke yako, simama karibu na ukuta usiku na uone mwanga mwekundu. Ukikaza ama kulegeza breki ya nyuma, hii taa icheki upya. Inaweza kubaki ikiwaka siku nzima, na mathree iliyo nyuma yako haitajua ni lini umefunga breki kweli.

RATIBA: Taya kwa macho, oili, breki, kebo na taa ni kila asubuhi. Presha, spoki na cheni ni mara moja kwa wiki, na cheni tena ukitoka kwa matope. Hii seivu, halafu mrushie yule beshte amechukua nduthi juzi.