Mwanajeshi wa Pisa na Bezanti Mia Tatu: Asili ya Ukokotoaji wa Thamani ya Malipo Sawa ya Vipindi

Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ambaye vizazi vya baadaye vilimwita Fibonacci, alikamilisha Liber Abaci. Leonardo alijifunza tarakimu za Kihindi akiwa kijana huko Bugia, bandari ya Afrika Kaskazini ambako baba yake aliwahudumia wafanyabiashara wa Pisa. Kitabu chake hukumbukwa zaidi kwa tatizo la sungura. Ambao, kwa haki, hawakustahili umaarufu wote huo. Miongoni mwa mafumbo yake ya kibiashara lipo moja linalogusa moja kwa moja kazi ya mwajiri yeyote wa umma.

Mwanajeshi mmoja amepewa na mfalme malipo ya bezanti 300 kwa mwaka. Hulipwa kwa mafungu manne, bezanti 75 kila mwisho wa robo mwaka. Kisha mfalme anabadili utaratibu: zote 300 zitalipwa kwa pamoja mwaka unapokwisha. Mwanajeshi anao uwezo wa kuzalisha bezanti 2 kwa kila 100 kwa mwezi. Je, amepoteza kiasi gani?

Katika daftari la hazina hakuna kilichopungua, kwa kuwa 300 ni 300. Hasara inaonekana pale tu tarehe ya malipo inapohesabiwa kuwa sehemu ya malipo yenyewe. Bezanti 2 kwa mwezi ni 6 kwa robo mwaka, hivyo 100 ya leo huwa 106 baada ya miezi mitatu. Ukigeuza uwiano huo, kila bezanti ya robo ijayo ina thamani ya 50/53 ya bezanti ya leo. Fungu la kwanza la 75 lina thamani ya sasa ya 70.75, la pili huzidishwa kwa 50/53 mara mbili na kuwa 66.75; la tatu ni 62.97, la nne 59.41. Jumla yake ni takriban 259.88. Malipo mapya ya 300, yanayosubiri robo nne, yana thamani ya 237.63 tu. Mwanajeshi amenyang'anywa bezanti 22 na robo, bila amri yoyote ya kupunguza ujira.

Hesabu hii ya fungu kwa fungu ndiyo iliyofupishwa baadaye katika kanuni inayofahamika leo, ambamo P ni fungu, i ni riba ya kipindi kimoja, na n ni idadi ya vipindi:

```
V = P × (1 − (1 + i)^−n) / i
```

Kwa P = 75, i = 0.06 na n = 4, jibu ni lilelile. Uthibitisho wake hauhitaji aljebra. Mtu aweke 259.88 leo. Baada ya robo ya kwanza zinakuwa 275.48, akitoa 75 zinabaki 200.48. Robo ya pili inamwachia 137.50, ya tatu 70.75, na ya nne inazifikisha 75 kamili, ambazo anazitoa na mfuko unakwisha. Mfuko ukibakiza kitu, au ukikauka mapema, bei ilikosewa.

Kosa la kawaida hapa ni kuigeuza 2 kwa mwezi kuwa 24 kwa mwaka, kisha kugawanya 300 kwa 1.24 na kupata 241.94. Kiasi hicho kikiwekezwa kwa 6 kila robo, faida ikijumlishwa kwenye mtaji, kitafikia 305.44. Mkokotoaji amesahau kwamba faida ya robo ya kwanza nayo huzaa, na kwamba robo nne za 6 hufanya 26.25 kwa mia. Hata hivyo, hesabu iliyo hapo juu nayo inaacha pengo dogo: ndani ya robo miezi mitatu imejumlishwa tu, ilhali kulimbikiza kila mwezi kungetoa 6.12.

Kikomo kizito zaidi ni dhana kwamba mwanajeshi kweli anaweza kupata 2 kwa mwezi. Asiye na mahali pa kuwekeza, ila ana deni la dukani, angehesabu kwa riba ya deni hilo, na hasara yake ingebadilika. Kiwango hicho ni hali ya mpokeaji, wala si sifa ya sarafu. Kwa sababu hiyo istilahi "thamani ya sasa" haijakamilika mpaka iseme ni kwa riba ipi. Neno "riba" lenyewe, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na uzito wake wa katazo la kisheria, linabeba hapa kazi mbili: malipo ya mkopo, na kipimo cha kusubiri. Mwanajeshi wa Leonardo hakumkopesha mfalme kwa hiari yake. Alikopwa.

Ukokotoaji wa aina hii ulibaki kazi ngumu ya mkono hadi Simon Stevin alipochapisha majedwali yake ya riba huko Antwerp mwaka 1582. Tangu hapo karani aliweza kutafuta kigawanyo katika safu badala ya kuzidisha 50/53 mara nne.